Dakika Kumi na Nne za Mama wa Kagoma

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili msomaji asije akamlaumu mtu mwingine njiani. Niliandika skripti ya kipindi cha redio nikiwa nimekaa sebuleni kwangu Kibeta, nikaisoma kwa sauti mbele ya mke wangu, nikatazama saa ya simu: dakika kumi na nne kamili. Nikajipongeza. Mke wangu, ambaye amenivumilia tangu nilipokuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, aliuliza kitu kimoja tu, kama ni mimi nitakayekwenda kuisoma redioni. Nikamwambia siyo mimi. Akarudi jikoni, nami sikuona kuwa nimeulizwa swali la maana.

Kipindi kilikuwa cha wakulima wa migomba, kwenye kituo kidogo cha redio hapa Bukoba ambacho huniita mara kwa mara kuandika. Kilipewa dakika kumi na tano kabla ya taarifa ya habari. Wimbo wa kufungua na wa kufunga huchukua dakika moja, zinabaki kumi na nne za kuzungumza. Na kwa habari hakuna huruma, kwa sababu kompyuta ndiyo inayoiingiza hewani saa ikifika. Hata kama mtangazaji yuko katikati ya neno, linakatwa hapohapo.

Msomaji wa skripti yangu alikuwa mama mmoja wa Kagoma, Muleba, aliyestaafu ubibi shamba. Mimi ndiye niliyemtafuta. Mama yule alitembea vijiji vya Muleba kwa miguu miaka yote ya kazi yake, na hakuna kibanja, shamba la migomba la nyumbani, alichopita asichokumbuka mwenyewe ni nani na mgomba gani ulianza kuugua. Nilikwenda kwake nikamwomba, akasema yeye si mtu wa redio. Nikamwambia wakulima wanamwamini, na unyanjano, ule mnyauko unaomaliza migomba yetu, haungojei tupate mtu wa redio. Akakubali. Jumapili iliyofuata mchungaji wake alilitangaza jambo hilo kanisani, waumini wakapiga makofi, na tangu hapo lilikuwa jambo la Kagoma nzima.

Siku ya kusoma kwa kupima muda alikuja na gari la asubuhi, amevaa gauni la kanisani na viatu vilivyopigwa rangi, na mkoba wenye miwani yake na mkungu mdogo wa ndizi mbivu kwa ajili ya watu wa studio. Tulikaa kwenye chumba cha mikutano, sisi wanne: yeye, mimi, mkuu wa vipindi, ambaye ni dada mwenye akili nyingi na subira kidogo, na fundi mitambo na saa yake. Fundi akasema tayari. Mama akavaa miwani, akasalimia wasikilizaji, kisha akanyamaza.

Nilidhani amepotea mstari. Nikamwonyesha kwa kidole. Akanitazama kwa upole, akaendelea. Baadaye nilimuuliza kwa nini alisimama pale, akasema alikuwa anasubiri waitikie. Kwetu mtu hasalimii akapita kama upepo. Unasalimia, unangoja, ndipo unaleta neno lako. Kwamba wasikilizaji walikuwa hawapo, na kwamba hata wangekuwapo tusingewasikia, hiyo kwake haikuwa sababu.

Alisoma kurasa zote sita. Ukurasa wa pili ulipoisha fundi aliacha kuangalia saa, akaanza kuniangalia mimi. Mwishoni aliandika kwenye karatasi, akaisukuma mezani: dakika ishirini na moja na sekunde arobaini. Karibu dakika nane za ziada. Hapakuwa na la kupunguza hapa na pale. Ilikuwa zaidi ya theluthi moja ya kazi nzima.

Mkuu wa vipindi hakuwa mkali. Alimshukuru mama, akasifu sauti yake, halafu akaniita pembeni kwenye korido. Akasema kurekodi ni Ijumaa na haitasogezwa. Ikifika Ijumaa skripti haijaingia kwenye dakika kumi na nne, itasomwa na mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, kijana ambaye anaweza kusoma Mwanzo mpaka Ufunuo kabla chai haijapoa, na mama atakuja kama mgeni, aulizwe maswali mawili na kushukuriwa. Niliona ni haki, na papo hapo nilikasirika. Nilikuwa nimemtoa mama wa watu nyumbani kwake mbele ya kanisa zima, sasa nimrudishe na dakika mbili.

Hasira yangu, kwa aibu niseme, ilimwangukia yeye. Nilirudi chumbani nikamwambia tujaribu tena, safari hii akaze mwendo kidogo. Akakaza. Alikuwa mtiifu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Maneno yakaanza kugongana, pumzi ikaisha katikati ya sentensi, akaruka mstari, akaomba radhi, akarudi nyuma. Alipofika mahali nilipokuwa nimepachika methali ya haraka haraka haina baraka, mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya fundi nikizungusha mkono kumhimiza aongeze kasi. Fundi aliinama akajifanya anatafuta kitu chini ya meza. Tulipata dakika kumi na nane na jasho.

Fundi akasema kompyuta inaweza kusaidia. Alikuwa amerekodi ule usomaji wa kwanza, akaubana kwa programu yake mpaka ukaingia kwenye dakika kumi na nne. Tukampa mama vipokea sauti asikilize. Alisikiliza kidogo, mikono imetulia mapajani, halafu akavivua.

"Huyu mama," akauliza, "ana haraka ya kwenda wapi?"

Hakuwa anatania. Hakuitambua sauti yake. Nilikaa chini, na hasira ikaanza kumwacha yeye ikanirudia mimi mwenyewe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami nilijidunga kwa mkono wangu mwenyewe nikiwa sebuleni.

Nikamwomba achukue skripti nyumbani, apitie taratibu, na chochote anachoona kinaweza kutoka akipige mstari. Mimi nitamfuata Kagoma kesho yake tumalize pamoja. Akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mkoba, akaaga kila mtu mmoja mmoja.

Usiku ule nami nilifanya hesabu ambayo mwandishi wa redio hupaswa kuifanya kabla ya kuandika hata mstari mmoja. Skripti ilikuwa na maneno kama elfu moja mia saba na hamsini. Mimi nilikuwa nimeyamaliza kwa mwendo wa maneno mia moja ishirini na tano kwa dakika, kwa sababu nilizoea kumaliza silabasi kabla ya mtihani. Mama alikuwa anakwenda themanini. Themanini mara kumi na nne ni elfu moja mia moja na ishirini, na ukimwachia nafasi ya kupumua na kungoja salamu zake, ni elfu moja na hamsini hivi. Kwa hiyo maneno mia saba yalitakiwa kufa. Niliwahi kuwakatia wanafunzi insha zao kwa wino mwekundu bila kupepesa macho. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu.

Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, kwenye kibanja, akiinua mgomba ulioelemewa na mkungu na kuuegemeza kwenye mti. Alinikaribisha ndani, akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo, akaulizia mke wangu, watoto, na mvua ya Bukoba. Salamu zilipokwisha kweli, si kwa haraka, akaleta skripti. Alisema amejitahidi kupunguza.

Alikuwa amepiga mstari mmoja tu, kwa penseli na rula, kuzunguka ukurasa wote wa nne. Kurasa nyingine tano hazikuguswa hata nukta.

Ukurasa wa nne ulikuwa kisa chake. Alinisimulia siku ya kwanza nilipomtembelea. Mama yake mzazi alipofariki alimwachia kibanja kule Kimwani. Siku moja alikuta majani ya migomba miwili yamegeuka manjano na kunyauka, na ndizi zimeiva kabla ya wakati. Alijua ni nini, ilikuwa ndiyo kazi yake kujua. Alikuwa amewaambia mamia kwa mamia ya watu wang'oe shina lote bila kuchelewa. Lakini ile migomba ilipandwa na mama yake, akasema ataivumilia wiki mbili aone. Katikati ya wiki hizo alikwenda kumsaidia jirani, mjane, kupogolea migomba yake, na akatumia panga lilelile bila kulipitisha motoni. Kibanja cha mjane kiliisha chote.

Nilimuuliza kwa nini amekitoa hicho. Nilidhani ni aibu, na nikajiandaa kumwambia kuwa namwelewa. Akashangaa.

"Hicho ni changu, mwalimu, naweza kukiacha. Haya mengine umeyahangaikia wewe."

Mwenyeji wangu alikuwa amekaa na karatasi jana jioni yote, akisoma methali zangu na aya zangu kuhusu historia ya mgomba katika nchi ya Wahaya, na kwa adabu aliyolelewa nayo akaona si vizuri kutupa kitu cha mtu aliyejichosha. Basi akatupa chake. Ndivyo tulivyo, mgeni akileta chakula kibaya, utakila chote na wali wako mzuri utaufunika. Nilijisikia mdogo sana kwenye kiti kile.

Nikamwomba penseli. Niliufuta mstari wake kwanza, kisha nikaanza na kurasa zangu. Historia ya mgomba ilitoka, ukurasa mzima na nusu; mtu aliyezaliwa kibanjani hahitaji kuambiwa mgomba ni uhai. Methali nne zilitoka. Nilikuwa na aya iliyoorodhesha dalili za ugonjwa, halafu aya nyingine iliyozirudia kwa maneno matamu zaidi, nikaitoa ile tamu. Kila nilipokata alisema pole. Mara ya tano nikamwomba asinipe pole tena, tutachelewa. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuanze kazi ile.

Lakini kukata peke yake hakukutosha. Nilimwomba asome yaliyobaki, nikapima kila aya kivyake, na nikaona jambo ambalo jana lilinipita kwa sababu ya hasira. Mama huyu hakuwa mzito kila mahali. Alikuwa mzito kwangu. Sentensi yangu yenye 'ambayo' tatu ilimlazimu asimame mara mbili kutafuta pumzi, na kila aliposimama alirudi neno moja nyuma ili ashike njia. Kwenye kisa chake alikwenda taratibu bila kukwama, maana hata nilipokiandika mimi alikuwa anakikumbuka yeye.

Basi nikaweka skripti kando. Nikamwambia anieleze namna ya kukata ua dume kama anavyomweleza mkulima aliyesimama mbele yake, nami nikaacha simu irekodi. Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika kwamba ua dume, lile jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, liondolewe mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga, ili kuepusha wadudu warukao kusambaza vimelea na pia kuepusha vimelea kusambazwa na chombo chenye makali. Sentensi moja, maneno thelathini na kitu. Yeye alisema hivi: "Ndizi za mwisho zikishatoka, tafuta kijiti chenye panda. Shika ua, zungusha, litaanguka. Panga liache nyumbani. Panga linabeba ugonjwa." Pumzi nne, hakuna hata moja iliyokatika.

Tuliendelea hivyo mpaka mchana. Yeye anaeleza, mimi naandika alivyoeleza, yeye anasoma, mimi napima. Kwenye kusafisha panga alinirekebisha niandike jiki, ile ya kufulia nguo nyeupe, kwa kuwa nilikuwa nimeandika dawa ya kuua vijidudu, na mkulima wa Kimwani hawezi kwenda dukani kuomba kitu hicho. Aliposema kitu kwa Kihaya kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa mbali, tulikitafutia pamoja neno jepesi la redioni. Alipochoka tulikula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, na hapo saa ilisimama kabisa. Ile nafasi baada ya salamu niliiacha, na pembeni nikaandika sekunde nane, ili fundi asije akaifuta kwa kudhani ni makosa.

Saa tisa alasiri alisoma yote tangu mwanzo, amekaa wima kama yuko studio. Dakika kumi na tatu na sekunde arobaini na sita. Alitaka kujua kama tumeingia. Nilimwambia tumeingia na tumebakiwa na sekunde kumi na nne. Aliniuliza kama kuna kitu changu chochote kimebaki, maana alikuwa na wasiwasi nimejinyima. Nikasema sentensi yangu ya mwisho ipo. Ni kweli, niliiacha. Ilikuwa sentensi niliyoipenda kuliko zote, kuhusu mikono iliyopanda na mikono itakayovuna, na ilichukua sekunde kumi na tano. Nilijiambia kwamba baada ya kuua mia saba, mtu ana haki ya kubaki na moja.

Ijumaa alikuja na gauni lilelile. Nilikaa upande wa pili wa kioo pamoja na fundi na mkuu wa vipindi. Mama akasalimia, akangoja, akaendelea. Mkuu wa vipindi alikunja mikono tangu mwanzo, na karibu dakika ya tano nikaona ameikunjua. Nilifuata kwa kidole kwenye nakala yangu, ambayo kila aya ilikuwa na muda wake pembeni, na kila aya tulifika sekunde moja au mbili mbele. Nilifurahi mno, na nikajua nafurahi mapema.

Alifika kwenye kisa chake. Alisema majani yaligeuka manjano. Alisema alijua. Alisema alikwenda kwa jirani na panga lilelile. Halafu akasema: "Kibanja chake kiliisha," na hapo akanyamaza.

Kule Kagoma hakunyamaza pale. Nyumbani kwake alikuwa anasoma kisa hicho mbele ya mtu mmoja na kikapu cha kahawa. Nadhani siku ile alifikiri kwamba mjane yule naye ana redio. Alishusha karatasi kidogo. Fundi alitazama saa, mkuu wa vipindi akanitazama mimi. Nilitamani kumwonyesha kwa kidole aendelee, na mkono wangu, namshukuru Mungu, haukuinuka. Kisha akapandisha karatasi, akasema panga lipitishwe motoni kila unapomaliza shina moja kabla ya kugusa jingine, kwa sauti ileile ya taratibu, akaenda mpaka mwisho na sentensi yangu akaisoma vizuri kabisa.

Dakika kumi na nne na sekunde kumi na mbili.

Mama alikuwa bado ndani, anakunja miwani. Fundi akasema hakuna shida, ni sekunde kumi na mbili tu. Akakuza picha ya sauti kwenye kompyuta, na pale katikati ya mistari iliyopanda na kushuka tuliona sehemu ndefu iliyolala bapa. Alikuwa amenyamaza sekunde ishirini na saba. "Tukiziba hapa tumemaliza," akasema, na hakuwa na ubaya wowote. Kwa fundi, kimya ndicho kitu rahisi kukata kuliko vyote, kwa kuwa hakuna neno linalopotea. Mkuu wa vipindi akasema niamue mimi, skripti ni yangu.

Nilitaka kuamua haraka na sikuweza. Nawaambia ukweli, niliumia kwa sababu ya sentensi moja kama mtoto anayenyang'anywa muwa. Nilijua vizuri nini kinatakiwa kutoka, na bado nilimwomba fundi anichezee mwisho mara moja zaidi. Akaucheza. Ilikuwa nzuri. Ilipendeza kwa sauti yake kuliko nilivyoisikia kichwani. Kisha nikamwambia arudi nyuma, anichezee pale kwenye kibanja cha mjane, na kimya chote, asiguse kitu. Tulikisikiliza watu watatu, na hakuna aliyekohoa.

Nikamwambia atoe ya mwisho. Akaiwekea alama, akabonyeza, ikaondoka. Kipindi kikasimama dakika kumi na tatu na sekunde hamsini na saba. Mkuu wa vipindi akaandika jina la mama kwenye ratiba ya Ijumaa zote za msimu, kwa kalamu.

Mama akatoka studio na mkoba wake. Alikuwa ameona kwa kioo kwamba tumeinamia kompyuta, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri matokeo. Akaniuliza kwa sauti ya chini, ili wenzangu wasisikie, kama pale aliponyamaza alikuwa amezidisha muda.

"Hapana, waitu," nikamwambia, kwa neno letu la heshima. "Aliyezidisha ni mimi."